Muthoki Alivyokataa Mzaha Mmoja

Muthoki alikuwa fundi wa nguo pale Nunguni, na alikuwa mrefu. Si mrefu wa kusemwa mara moja watu wakasahau. Alikuwa mrefu wa kuinamia milango ya watu, wa kutundika nguo kwenye misumari ambayo mafundi wengine waliifikia kwa kupanda stuli. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la Kinuthia, mzee mpole aliyekuja kutoka upande wa Kiambu akauza sukari na mafuta ya taa hapo mpaka akaota mvi, na akajifunza Kikamba cha kununulia kuku. Miguu ya Muthoki haikuenea chini ya meza ya cherehani. Alipokanyaga pedali, magoti yalitokeza huku na huku kama panzi anayejiandaa kuruka.

Jirani yake wa mkono wa kulia alikuwa Mwangangi, mwenye buchari. Mwangangi aliuza nyama, lakini watu wengine walisema kazi yake hasa ilikuwa kuchekesha, nyama ilikuwa ya kumpa sababu ya kusimama pale. Akiona mtu anapita barabarani aligongesha kisu kwenye gogo la kukatia, ko ko ko, na wote waliokuwa karibu wakageuka kungoja kusikia yule mtu atapata lipi siku hiyo. Pasta alipata lake. Karani wa chifu alipata lake. Mbuzi wa kuchinjwa naye alipata lake kabla ya kufa.

Muthoki alipata lake kila siku, na hakujali hata kidogo.

"Fundi!" Mwangangi alikuwa akiita ukungu ukishuka asubuhi kutoka vilima vya Kilungu. "Huko juu kumekucha? Huku kwetu bado giza."

"Kumekucha, Baba Mutie," Muthoki alijibu bila kuinua macho. "Na naona mpaka kwa yule ng'ombe uliyetuuzia jana. Alikuwa na umri wa kwenda kliniki peke yake."

Watu walicheka, Mwangangi mwenyewe akacheka kuliko wote akipangusa macho kwa aproni yenye damu. Hivyo ndivyo walivyoishi. Mzaha wa namna hiyo ulikuwa kama salamu, na siku ambayo haukutolewa watu wangeuliza nani mgonjwa.

Mwaka ule wa sabini na sita Muthoki akaposwa na mwalimu mmoja aliyeitwa Nzomo, aliyekuwa akifundisha shule ya msingi bondeni. Mbuzi wakapelekwa kwa baba yake Muthoki. Matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani, Jumapili ya kwanza, Jumapili ya pili. Muthoki akajishonea gauni lake mwenyewe, jeupe, la mikono mirefu yenye lesi, na kwa sababu ya kimo chake kitambaa kiliagizwa kutoka Machakos, maana duka la Nunguni halikuwa na jora la kutosha. Nunguni nzima ililijua gauni hilo. Wanawake walikuja kushika pindo wakisema "Aiya!" kisha wakaenda kuwaambia wengine waje washike.

Jumapili ya tatu matangazo hayakusomwa. Nzomo alikuwa ameomba uhamisho akaenda Emali, na habari zilizofuata zilisema ameoa huko. Hakuna aliyejua sababu. Muthoki alilikunja gauni akalitia kwenye sanduku la bati pamoja na vidonge vya kuzuia nondo, na Jumatatu akawa kwenye cherehani yake kama kawaida.

Watu wa Nunguni, kusema kweli, walikuwa na adabu. Masika yakapita na hakuna aliyetaja neno. Mwangangi pia alinyamaza, na kwa mtu kama yeye kunyamaza kulikuwa kazi ya kutoa jasho. Lakini ulimi ukizoea kuchekesha huwa na njaa yake. Siku moja ya soko, buchari ikiwa imejaa watu na baraza imejaa wanawake waliokuja kuchukua sare za watoto, Muthoki akasimama kupima kitambaa cheupe cha pazia. Alikinyoosha kwa mikono yake mirefu kutoka nguzo hii mpaka nguzo ile. Mwangangi akakiona. Kisu kikagonga gogo, ko ko ko.

"Jamani, angalieni! Mnajua kwa nini yule mwalimu alikimbilia Emali? Alipima gauni la bibi harusi, akapima na mshahara wake, akaona kitambaa kitaumaliza kabla hakijafika magotini!"

Kicheko kililipuka. Wanaume walishikana mabega. Hata wanawake wa sare walificha nyuso kwenye leso, mabega yakitikisika. Na Muthoki naye akacheka.

Hilo lilikuja kumsumbua kuliko mzaha wenyewe. Tumbo lilikuwa limemkaza kama mtu aliyekunywa maji ya barafu, lakini mdomo, kwa mazoea ya miaka, ulifunguka ukacheka. Akaketi akaendelea kushona, na pazia la watu likatoka na mshono unaokwenda kama njia ya ng'ombe.

Kwa kuwa alicheka, mzaha ukaota miguu. Siku ya soko iliyofuata watu waliuomba wenyewe: "Mwangangi, tupe ile ya gauni!" Naye akawapa, na kila mara alikuwa ameuongeza. Sasa Nzomo alikuwa amepanda ngazi kumvisha pete. Sasa pasta alikuwa amehubiri akiwa juu ya paa ili amwangalie bibi harusi machoni. Musyoka, dalali wa maharagwe ambaye hakuwahi kubuni mzaha wake mwenyewe tangu azaliwe, aliuchukua akausambaza kila alikokwenda kununua maharagwe, na siku moja binamu yake Muthoki akautuma kwa barua kutoka mbali kama habari mpya.

Muthoki akavumilia, kisha siku moja hakuvumilia.

Ilikuwa adhuhuri. Mwangangi alikuwa amefika mahali pa ngazi. Muthoki akainuka na mkasi mkononi, mkanda wa kupimia ukimning'inia shingoni, uzi wa waridi umenasa kwenye sketi ukimfuata nyuma, akavuka kwenda buchari.

"Wewe Mwangangi!" Hakumwita Baba Mutie, na watu wote walilisikia hilo. "Mtu ambaye mke wake anatembea sokoni kama gunia la kabichi lililofungwa katikati, anathubutu kusema habari ya gauni?"

Kisha sauti moja kutoka nyuma ikauliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu:

"Na nguo za Mama Mutie hushonwa na nani?"

Nani mwingine? Muthoki mwenyewe. Watu walicheka mpaka mzee mmoja akaketi chini. Muthoki, uso ukiwaka, akageuka kwa haraka aondoke, akasahau kuinama, na paji la uso likakutana na kibao cha buchari kilichoning'inia mlangoni. Ngaa! Kibao kikaanza kubembea. Mwangangi akakishika kwa mkono akasema, "Pole, fundi," na kwa kuwa aliyasema maneno hayo kwa kumaanisha kabisa, kicheko kikawa kikubwa zaidi.

Jioni ile Syombua, mke wa Mwangangi, alikuja kwenye baraza. Alikuwa mwanamke mtaratibu ambaye hakuwa amemkosea mtu. Alichukua rinda lake lililokuwa bado na mkono mmoja, akalikunja, akasema, "Nitamalizia mahali pengine, fundi," akaenda. Muthoki alitamani Mwangangi amtukane badala ya hilo.

Baada ya hapo akajaribu kununa. Aligeuza cherehani ikaangalia ukuta, mgongo wake ukaangalia soko. Salamu akaitikia kwa pua. Hilo nalo halikufaa, kwa sababu Mwangangi alianza kutangaza hali ya hewa: "Leo fundi amenuna kidogo. Kesho atanuna sana, na mvua huenda ikanyesha upande wa Kilome." Na wateja, ambao walizoea kuja kwa mazungumzo nusu na kwa nguo nusu, wakaanza kuweka kitambaa mezani haraka na kuondoka kama watu waliopita kwenye matanga.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na hoteli ndogo ya Wariara, mjane kutoka Murang'a aliyefuata mume wake Ukambani na kubaki baada ya kumzika. Chai yake ilikuwa nzito ya kusimamisha kijiko. Muthoki alizoea kwenda kwake saa za mchana. Siku moja akiwa amekaa pale na kikombe, dereva wa lori la kabichi alianza kumtania Wariara. Alimtania juu ya mandazi yake, kwamba yangefaa kuzibia pancha. Wariara akacheka akamwambia alipe basi, kama anayemlipa fundi wa magurudumu. Alimtania juu ya Kikamba chake, Wariara akacheka tena. Kisha dereva, akiwa amepata moto, akasema kitu kuhusu marehemu mume wake, kwamba labda yale mandazi ndiyo yaliyommaliza.

Wariara hakupaza sauti. Aliweka birika chini. "Hiyo hapana," alisema. "Mandazi, endelea. Mzee wangu, hapana." Akamwangalia kidogo tu, wala si kwa hasira, kisha akachukua birika. "Nikuongeze chai?"

"Niongeze, mama. Samahani," akasema dereva, na mazungumzo yakaendelea kwa habari za barabara ya Salama. Hakuna aliyeaibika. Muthoki alikaa akiangalia kikombe chake kama mtu aliyeona mwingine akifungua kufuli kwa kucha.

Watu walipotoka akamwuliza, "Wewe umefanyaje?"

"Nimefanya nini?"

"Mimi nimepiga kelele, nimenuna, nimevunja kichwa kwa kibao. Mwangangi hasikii."

Wariara akafuta meza. "Umemwambia?"

"Kumwambia nini? Si anajua!"

"Anajua umekasirika. Lakini anajua ni kwa lipi? Anakutania urefu tangu nije hapa, na wewe unacheka. Akaja kwa harusi, ukacheka pia. Kisha siku moja ukaja na mkasi. Mimi ningekuwa yeye ningefikiri umechoka na mambo yote, au umeamka vibaya." Akasuuza kitambaa. "Mwambie ni lipi. Moja. Na usimwambie mbele ya watu wake, maana mbele yao hawezi kukubali. Atafanya mzaha hata na hilo. Mtafute akiwa peke yake."

"Nimwambie vile liliniuma?"

"Ukitaka. Lakini si lazima. Ukieleza sana, atabishana na maelezo. Sema kidogo, kisha unyamaze. Kunyamaza ndiyo ngumu."

Wiki nzima Muthoki alijizoeza akipiga pasi. Aliiambia pasi ya makaa: "Baba Mutie, wewe ni mtu mwenye roho mbaya." Hapana, hiyo ni matusi. "Baba Mutie, kama hutajali, sijui kama unaweza labda..." Hapana, hiyo ni kuomba chumvi. Kinuthia, akihesabu vibiriti ndani ya duka, alimsikia akiongea na pasi, akaamua ni mambo ya Wakamba asiyoyajua, akafunga mlango taratibu.

Kisha asubuhi moja, kabla ya wateja, Muthoki akaenda buchari. Mwangangi alikuwa peke yake akitundika mguu wa ng'ombe. Muthoki aliinama vizuri mlangoni, akaingia.

"Umeamkaje, Baba Mutie."

"Nimeamka, fundi." Macho yake yalikwenda kwanza mikononi mwa Muthoki kuangalia kama kuna mkasi.

"Nimekuja na neno. Urefu wangu, cheka. Nguo zangu, cheka. Siku nikikosea nipe, na mimi nitakupa. Lakini habari ya Nzomo na harusi, hiyo uiache."

Mwangangi akacheka kidogo, kicheko cha kutafuta pa kushika. "Aiya, Muthoki, si ni mzaha tu!"

"Najua ni mzaha. Uache huo."

"Lakini wewe mwenyewe ulicheka! Nilikuona!"

Hapo ndipo Muthoki alipoogopa, maana ni kweli. Angeweza kusema hakucheka. Angeweza kuanza kusema habari za tumbo na maji ya barafu. "Nilicheka," akasema. "Haikunichekesha."

Kisha akanyamaza. Wariara alisema kweli, ilikuwa ngumu. Nzi alizunguka mguu wa ng'ombe. Mwangangi alipangusa kisu kilichokuwa kikavu. Alifungua mdomo, na mtu yeyote angeona mzaha umefika kwenye meno, ukarudi.

"Basi sawa," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo ambayo Muthoki hakujua anayo. "Sikujua. Nilidhani ukicheka ni kucheka."

"Na mimi nilimtukana Mama Mutie, naye hakuwa na kosa. Nitamwendea mwenyewe. Sasa nipe nyama, usinipe mfupa mtupu."

Alikwenda kwa Syombua siku ile ile, akasema amekosa, na hakusema "lakini". Syombua alisikiliza akimenya viazi, akamwacha asimame muda mrefu, kisha akaleta lile rinda lenye mkono mmoja. Fundi wa pale pengine alikuwa ameanza ule mkono wa pili, akauweka juu chini.

Ingekuwa Mwangangi ni wa kuishi peke yake na nyama zake, mambo yangeishia hapo. Lakini mchekeshaji ana watu wake, nao hawakuwa wamefanya mapatano na mtu. Siku ya soko, Musyoka dalali akaja na wageni wawili wa kununua maharagwe, na kwa kutaka kuwaonyesha utamu wa Nunguni akasema kwa sauti, "Mwangangi! Wape wageni ile ya gauni!"

"Ah, hiyo imezeeka," Mwangangi akasema.

"Imezeeka nini! Ile ya ngazi!"

Watu wakaanza kusogea. Mwangangi akaona nyuso zimemgeukia, zimeshaanza kutabasamu kabla hajasema kitu, na mtu wa namna yake akiona nyuso hivyo ni kama mlevi aliyesikia kizibo kikitoka. Kisu kikagonga gogo, lakini mara moja tu. "Palikuwa na bibi harusi mmoja..." akaanza.

Kwenye baraza, cherehani ikanyamaza. Watu hawakuwa wakiisikia ilipokuwa ikilia, lakini sasa waliisikia ilivyonyamaza.

"Baba Mutie," Muthoki akasema. Aliketi vile vile, mguu kwenye pedali. Sauti yake ilikuwa ile ya kumwambia mtu kwamba sare yake iko tayari. "Hiyo tuliimaliza."

Mwangangi akafunga mdomo. Mtu mmoja akacheka kwa pua, akaangalia kushoto na kulia, akaona yuko peke yake, akajifanya ni mafua.

Musyoka hakukubali. "Kumbe fundi hataki mzaha siku hizi!"

"Nataka," Muthoki akasema. "Huo ndio sitaki. Au wewe umeuona mtamu, Musyoka? Nieleze basi. Unachekesha wapi?"

"Unachekesha... si huyo mwalimu..."

"Ndiyo."

"Sasa mwalimu, alipoona gauni ni refu..."

"Ndiyo, aliona."

"Akaona... kwamba kitambaa..." Musyoka akatazama wageni. Wageni walikuwa wakimsikiliza kwa makini, kama watu wanaoelekezwa njia. "Yaani, kitambaa ni kingi. Kwa hivyo akaenda Emali."

"Kununua kingine?" mgeni mmoja akauliza.

"Hapana! Kuoa!"

"Ooh," akasema mgeni. "Pole kwake huyo dada."

Musyoka akabaki amesimama na mkono hewani. Muthoki angeweza kummaliza pale. Alikuwa na maneno kuhusu mizani ya Musyoka ya kupimia maharagwe ambayo yangemfuata mpaka kaburini. Lakini alimwona Mwangangi nyuma ya gogo, amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, akajua kwamba mtu mzima hawezi kuachwa hivyo mbele ya wateja wake. Alihitaji mlango wa kutokea.

"Baba Mutie," akasema, akirudisha mguu kwenye pedali, "wageni wametoka mbali, na wewe hujawaambia kitu. Hata mimi nimekaa hapa na huu urefu wote, nao wanadhani nimesimama."

Mwangangi akaushika kama mtu aliyetupiwa kamba kisimani. Ko ko ko! "Wageni wangu, msidanganyike! Huyu ameketi! Akisimama, Kinuthia hutoa bati moja la paa!"

Walicheka wote, wageni kwanza. Kinuthia akatokeza kichwa mlangoni akaangalia juu kukagua mabati, na hapo wakacheka upya. Muthoki alicheka pia. Safari hii alijisikiliza, akaona tumbo limelegea.

Haikuwa mara ya mwisho kabisa. Musyoka alijaribu tena kwenye harambee ya kanisa, na Muthoki akasema, "Hiyo hapana," akamwomba ampishe apite. Baadaye hata watu wapya waliojaribu walizuiwa na wengine kabla Muthoki hajafungua mdomo. Gauni alilitoa kwenye sanduku mwaka wa sabini na nane, akalikata. Likatoa magauni mawili ya mabibi harusi wa kimo cha kawaida, na nguo ya ubatizo juu yake.

Mwaka wa themanini na tisa binti wa Mwangangi, Kalunde, aliolewa, na baba yake akaja kwa Muthoki kupimwa suti. Muthoki alimzungushia mkanda kiunoni, akashangaa, akauvuta tena. Kwa kuwa wateja walikuwa wamejaa barazani, akapaza sauti: "Jamani, njooni mwone! Nimempima Mwangangi mzima na mkanda umebaki wa kupima mtu mwingine! Nyama yote ameuza mpaka ya kwake!"

Watu wakacheka. Mwangangi akacheka pia. Muthoki alikuwa karibu sana naye, mkono bado kiunoni mwake, na alikiona kicheko kile kilivyoishia mdomoni tu.

Watu walipogeukia mambo yao, Mwangangi akasema polepole, akiangalia vifungo, "Fundi. Ya kukonda, uiache. Hospitali wamesema ni ugonjwa wa sukari. Mama Mutie bado sijamwambia."

Muthoki alihisi masikio yakiwaka. Maneno yalimjaa, ya kujieleza, kwamba hakujua, kwamba alidhani. Aliyameza yote.

"Sawa," akasema. "Geuka nipime mabega."

Akageuka. Akapima mabega, kisha mikono. Akamwuliza kama anataka koti la vifungo viwili au vitatu, na Mwangangi akasema vitatu, kwa sababu siku hiyo anataka kuonekana kama mtu wa benki.